Kutoa kwa kuazima: msaada uanzie wapi na uondoke lini

*"Mwalimu, mtoto wangu wa kiume ana miaka 8, yuko mwaka wa tatu primeri hapa Lubumbashi. Kutoa kwa kuazima kunamshinda. Jioni nikikaa naye na kumwongoza, anapata hesabu zote. Kesho yake shuleni anapata 2 juu ya 10. Baba yake anasema namdekeza, nimwache apambane peke yake. Nikimwacha, analia na kupasua kaye. Tumsaidie au tumwache? Ni mimi, Mama wa Katuba."*

Mama, kabla ya yote fungua ile kaye ya 2 juu ya 10 usome majibu 8 aliyokosa. Achana na alama nyekundu za mwalimu, tazama namba alizoandika mtoto mwenyewe. Nadhani utakuta kitu kama 52 – 27 = 35, au 61 – 35 = 34, au 81 – 46 = 45. Ukikuta hivyo, ujue hakubahatisha wala hakuzembea. Kwenye safu ya mamoja aliona 2 juu na 7 chini, akaona 7 haitoki kwenye 2, akageuza: 7 toa 2, inabaki 5. Kwenye makumi akaendelea kama kawaida, 5 toa 2, inabaki 3. Ana kanuni yake, nayo anaifuata kwa uaminifu: toa ndogo kwenye kubwa, iwe imekaa juu au chini. Kosa hili tunalifahamu vizuri sisi tunaofundisha hesabu za primeri. Tazama pia zile mbili alizopata. Huenda ni zile ambazo hazikuhitaji kuazima, kama 58 – 23.

Sasa kumbuka jioni zenu. Nani husema "2 haitoshi, tuazime kwenye 5"? Ni wewe. Yeye anafuata: anakata 5, anaandika 4, anafanya 12 toa 7, anaandika 5 bila taabu. Ukitazama vizuri, hayo yote aliyafanya alikuwa anayajua tangu zamani. Kitu kimoja tu ndicho hakijui, nacho ni kutambua kwamba hapa haitoshi na kuna la kufanya, na hicho kimoja umekibeba wewe. Shuleni hakuna wa kumwambia "azima", basi anarudi kwenye kanuni yake.

Baba yake anaona kweli kwamba mtoto hategemei akili yake. Lakini dawa yake haitafanya kazi kwa tatizo hili. Mtoto mwenye kanuni ya makosa, ukimwachia hesabu 20 peke yake, ataifanyia mazoezi hiyo hiyo kanuni mara 20, naye atatoka pale akiwa ameizoea zaidi. Kupambana peke yake kunafaa kwa kitu ambacho tayari anakishika nusu. Hiki bado hajakishika.

Mrusi mmoja aliyeitwa Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alilieleza jambo hili kwa mfano ambao nauona umeandikwa kwa ajili ya nyumba yako. Chukua watoto wawili, alisema, ambao ukiwapima wakiwa peke yao wote wanafanya mazoezi ya kiwango cha miaka 8. Kisha wape mazoezi magumu zaidi na msaada mdogo: swali la kuwaelekeza, hatua ya kwanza ya kuanzia. Mmoja anafika hadi mazoezi ya miaka 12, mwingine anaishia ya miaka 9. Je, watoto hawa wako sawa? Mtihani wa kawaida unasema ndiyo. Vygotsky alisema hapana, na kwamba mafundisho yapelekwe kwenye nafasi ile iliyo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akiwa na mtu mzima. Chini ya hapo unamrudishia anachojua. Juu ya hapo unamfanya awe kasuku.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuitafuta nafasi hiyo kwa mtoto huyu mmoja na kwa aina hii moja ya hesabu. Inachukua jioni moja na haihitaji vitabu. Tafuta vijiti vya fagio, uvikate vifupi, uvifunge kumikumi kwa uzi. Mafungu 8 na vijiti 20 vya peke yake vinatosha.

Mwombe akuwekee 52 mezani. Akihesabu kijiti kimoja kimoja hadi 52, wakati mafungu yako mbele yake, simama hapo hapo: bado haoni kwamba 5 ya 52 ni makumi matano, na kumfundisha kuazima sasa ni kumpa nyimbo ya kukariri. Mkae kwanza wiki nzima kwenye kujenga namba, 34, 60, 47, 74, hadi mkono wake uende wenyewe kwenye mafungu. Akiweka mafungu 5 na vijiti 2, sawa, songa mbele. Muulize kwa mdomo 12 toa 7, 13 toa 6, 11 toa 5. Akipata, hata kwa kuhesabu vidole taratibu, inatosha. Asipopata, shida yake iko huko na sio kwenye kuazima.

Na haya yote muulize kwa Kiswahili. Shule nyingi za mjini kwetu hufundisha hesabu kwa Kifaransa mapema, na mtoto anaweza kukwama kwenye jina la namba kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Jioni hiyo punguza mzigo mmoja ili uone mwingine. Kama kwa Kiswahili anaweza na kwa Kifaransa hawezi, una tatizo tofauti kabisa na lile ulilonieleza.

Tuchukulie amepita hapo. Anajua makumi na mamoja, anajua 12 toa 7, anajua kupanga safu. Basi kutoa kwa kuazima kwenye namba za tarakimu mbili kuko hatua moja tu mbele yake. Zoezi ni sahihi. Kilichobaki ni msaada, na hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema huteleza.

Watafiti watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, walichapisha mwaka 1976 kazi yao kuhusu watoto 30 wa miaka 3, 4 na 5, waliofundishwa na mtu mmoja kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Walichokiona ni kwamba kazi ya mwalimu yule ilibadilika kwa kila umri. Wa miaka 3 ilibidi awavute tu waipende kazi na wasiikimbie. Wa miaka 4 aliwaonyesha walipokosea kwa maneno. Wa miaka 5 walimhitaji hasa kuthibitisha walichokwisha kufanya. Mwalimu mmoja na mbao zile zile, lakini msaada tofauti. Wood aliendelea na suala hili, akapanga msaada wa mtu mzima kwa madaraja, kuanzia neno la jumla la kumchochea mtoto hadi kumfanyia mbele ya macho yake. Kisha akatoa kanuni ambayo ukiisikia utaiona ndogo: mtoto akishindwa, msaada unaofuata uwe mzito kidogo kuliko uliotangulia, akifaulu, unaofuata uwe mwepesi kidogo. Alipolinganisha njia nne za kufundisha, moja ikiwa ya maneno matupu na nyingine ya kuonyesha tu, watoto waliofundishwa kwa kanuni hii ndio waliofanya vizuri zaidi walipoachwa peke yao.

Angalia kwamba wewe na baba watoto mmechagua ncha mbili za madaraja hayo. Wewe unakaa kwenye zito kabisa, yeye yuko nje ya daraja la kwanza. Katikati hakuna mtu.

Nitakupitisha kwenye hesabu moja, 52 – 27, ili uone katikati kunafananaje. Vijiti viko mezani, kaye iko wazi, biki iko mkononi mwake na sio mwako. Hili la biki ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu mzima akishika biki, kazi imehamia kwake.

Daraja la kwanza ni neno la kumwanzisha tu: "Haya, fanya hii, na uniambie unavyofikiri." Kisha nyamaza. Hesabu kimya hadi 10 moyoni. Mwalimu mmoja mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwahi kupima muda ambao walimu humsubiri mtoto baada ya kumuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1, na kwamba wakisubiri sekunde 3 tu majibu ya watoto yanakuwa marefu na yenye fikra zaidi. Sisi wazazi tuliochoka jioni hata hiyo sekunde 1 hatuitoi.

Tuseme anaandika 5 kwenye mamoja, kama kawaida yake. Usiseme "umekosa". Panda daraja moja: swali linalomwelekeza mahali, bila kumpa la kufanya. "Rudi kwenye mamoja. Juu una ngapi? Unaombwa utoe ngapi? Inatosha?" Nakuomba hilo neno la mwisho, "Inatosha?", ulishike. Nitalirudia.

Labda atasema inatosha, kwa sababu kichwani mwake anatoa 2 kwenye 7. Panda tena: sasa vijiti. "Niwekee 52 hapa." Anaweka mafungu 5 na vijiti 2. "Sasa nipe 27." Anachukua mafungu 2, anakupa. Anaenda kwenye vijiti vya peke yake, anachukua 2, anakupa. Halafu mkono unasimama hewani. Anatazama vijiti, anakutazama, anatazama vijiti. Mama, hapa usiseme kitu. Hii ndiyo dakika uliyokuwa ukimnyang'anya kila jioni, maana sasa kanuni yake imegonga ukuta. Kwenye kaye aliweza kugeuza 2 na 7 bila mtu kulalamika. Mezani hakuna cha kugeuza: anatakiwa kutoa 7 na alikuwa na 2.

Watoto wengi hapa hufungua fungu wenyewe. Wengine huuliza, "Nifungue?" Mrudishie uamuzi: "Wewe unaonaje?" Ukijibu "ndiyo, fungua", umeubeba tena.

Akiendelea kukaa bila kufanya kitu, panda la nne: msogezee fungu moja karibu na vile vijiti, useme, "Hili lina vingapi ndani?" Hapo umemwandalia, lakini uzi unafunguliwa na yeye. Na kama hata hapo hakuelewa, daraja la tano: mwonyeshe yote mwanzo hadi mwisho, kwa hesabu nyingine. Chukua 43 – 16, uifanye mbele yake ukisema kwa sauti unachokiona: "Nina 3, natakiwa kutoa 6, haitoshi, nafungua kumi moja, sasa nina 13." Kisha 52 – 27 inarudi kwake, haijaguswa. Ukimwonyesha kwa hesabu ile ile, atanakili jibu na hutajua kama ameelewa.

Tuseme amefungua. Ana vijiti 12, ametoa 7, vimebaki 5, na mafungu 2. 25. Usikimbilie hesabu nyingine. Muulize: "Lile fungu ulilofungua, kwenye kaye liko wapi?" Mwache atafute. Anapokata 5 na kuandika 4, na kuweka 1 pembeni ya 2 ili isomeke 12, awe anaandika kitu alichokifanya kwa mikono. Vijiti ambavyo havikuunganishwa na maandishi hubaki mchezo wa mezani, na shuleni vijiti havipo.

Hesabu ya pili, 61 – 35, ndiyo inayokuonyesha kama umeifahamu kanuni ya Wood. Tuseme kwenye ya kwanza alifaulu ulipofika daraja la tatu, la vijiti. Basi hii ya pili anza na la pili: swali tu, vijiti vikiwa pembeni. Akifaulu, ya tatu uianze kwa "haya, fanya." Akishindwa, rudi kwenye vijiti bila kuguna. Kila jioni hesabu 3, pengine 4, kwa robo saa, halafu mnakula bukari yenu. Mtoto aliyeamua mwenyewe mara 3 amejifunza kuliko aliyeongozwa mara 15.

Narudi kwenye "Inatosha?". Uliulize kila safu, hata pale inapotosha. Wazazi wengi wanauliza pale tu penye kuazima, na mtoto si mjinga: anagundua kwamba Mama akiuliza maana yake azima. Hapo anasoma uso wako badala ya kusoma namba. Kwa sababu hiyo hiyo, tangu jioni ya pili au ya tatu changanya: 81 – 46, halafu 58 – 23, halafu 43 – 16, halafu 67 – 32. Ukimpa za kuazima tupu atajifunza kuazima daima, na utakuja kuniandikia kwamba sasa 58 – 23 inamletea 15 kwenye mamoja.

Baada ya siku kadhaa utasikia jambo. Atafika kwenye safu, na kabla hujafungua mdomo atajinong'onezea: "Inatosha? Haitoshi." Pengine kwa sauti yako kabisa. Usimwambie asome kimya. Vygotsky aliyatilia maanani sana maneno haya ambayo mtoto hujiambia akiwa kazini. Ni yale aliyoambiwa na mtu mzima, ambayo sasa anajiongozea mwenyewe, na baadaye yatazama ndani yawe fikra isiyosikika. Ukiyasikia, swali lako limemaliza kazi, liondoe. Vijiti viweke kwenye sahani iliyofunikwa, aombe mwenyewe akivihitaji. Kisha viweke kabatini. Ukiona siku ya tatu bila vijiti ameanza tena kugeuza namba, visirudi vyote. Rudi daraja moja tu.

Kuna mtego mmoja nataka niukae kidogo, kwa sababu unafanana sana na mafundisho mazuri. Mtoto anakwama, wewe unauliza swali. Hajibu, unauliza jepesi zaidi. Hajibu, unauliza jepesi zaidi tena, hadi unafika kwenye "12 toa 7 ni ngapi?", anasema 5, na wewe unafurahi: "Unaona unajua!" Kila sentensi yako ilikuwa swali, hukumpa jibu hata moja, na bado kazi yote umefanya wewe. Namna ya kujua ni kujiuliza nani aliyechagua hatua iliyofuata. Kama kila hatua ilitoka mdomoni mwako, hata kama ilivaa alama ya kuuliza, mtoto alikuwa anajaza mapengo. Na kipimo kisichodanganya ni kesho yake asubuhi, kabla ya shule: mwandikie hesabu moja kwenye karatasi, weka mezani, nenda zako ukafanye kazi yako. Unachokiona hapo ndicho anachokijua. Jibu zuri la jioni, wewe ukiwa pembeni, halikuambii chochote.

Kuhusu kilio na kaye kupasuka. Sidhani ni ukaidi. Mtoto anayelia mbele ya hesabu mara nyingi ameona kwamba hana hata pa kuanzia. Akianza kubana midomo na kufuta-futa, hiyo ni ishara ya kupanda daraja moja haraka, usisubiri hadi 10. Akiwa amekwisha kulia, shusha zoezi lenyewe, usipandishe sauti: mpe 58 – 23, apate, mfunge kaye. Na kuna usiku ambao haufai. Mtoto aliyetoka shule, akateka maji, akakaa hadi umeme ukakatika, hana akili ya kuazima saa tatu usiku. Hata wewe huna. Kama unarudi sokoni umechoka, fanya asubuhi dakika 10 kuliko usiku dakika 40.

Na kama anakwenda nawe sokoni, una msaidizi ambaye hujamtumia. Mteja amechukua nyanya za faranga 2700, ametoa 5000. Mwachie mtoto arudishe chenji. Wengi wa umri wake hawaandiki kitu: wanapanda kutoka 2700, mia tatu inafika 3000, elfu mbili inafika 5000, chenji 2300. Watafiti walioifuata hesabu ya watoto wachuuzi wa Recife, Brazili, na kuichapisha mwaka 1985, waliona watoto hao wakipata karibu kila hesabu wakiwa kwenye meza ya biashara, na wakikosa nyingi za aina ile ile walipopewa kwenye karatasi. Mimi nisingeibadilisha njia yake ya sokoni na ile ya shule. Ningeitumia kama hakimu. Akiandika 52 – 27 = 35, muulize: "Ukiwa na 27, ukaongeza 35, unafika 52?" Atapanda: 27, 37, 47, 57, tayari amepita. Jibu limekataliwa na akili yake mwenyewe, na wewe hukusema "umekosa". Hilo nalo ni daraja la msaada, tena jepesi sana, na baadaye anaweza kulifanya peke yake kwenye mtihani.

Yaya zake nao waambie. Dada wa mwaka wa sita atataka kumaliza haraka akacheze, atamnong'oneza "azima" au ataandika kabisa. Usimfukuze, watoto wakubwa hufundisha vizuri wakipewa sheria fupi. Mpe mbili: usishike biki yake, na usiseme kitu ila "Inatosha?"

Shuleni usiende kulalamika. Mwalimu mwenye watoto 50 au zaidi mbele yake hawezi kupanda na kushuka madaraja na kila mmoja. Lakini anaweza kukubali jambo dogo ukimwomba kwa heshima: kwa wiki mbili tatu, mtoto aruhusiwe kuandika neno "Inatosha?" juu ya ukurasa wa kaye yake ya hesabu. Wakati huo huo muulize wao wanaandikaje kuazima. Kuna njia ya kukata 5 na kuandika 4, na kuna njia ya kuongeza 10 juu na 1 chini, ambayo hufundishwa kwenye shule nyingi zinazofuata desturi za Kifaransa. Zote mbili ni sahihi, lakini mtoto akipewa moja nyumbani na nyingine darasani wakati bado hajasimama, atazichanganya, na utaona majibu ambayo hata wewe hutaelewa yametoka wapi. Kama shule inafuata ile ya pili, anza hivyo hivyo na vijiti ili aelewe kwa nini, kisha maandishi yafuate ya mwalimu wake.

Kama mmefanya hivi karibu kila siku kwa wiki tatu na bado anahitaji vijiti kwa kila hesabu, usizidishe mazoezi. Rudi kwenye ile jioni ya kwanza, umpime upya kujenga namba, na uangalie pia kama anaona ubao vizuri akiwa nyuma ya darasa na kama anasikia.

Lakini tuseme amefika: hesabu 8 zilizochanganywa, kimya, asubuhi, wewe ukiwa jikoni, na amepata 7. Usimpe nyingine 30 za aina hiyo, kwa sababu nafasi yake imehama. Mpe 70 – 46, maana sifuri juu huwarudisha wengi kwenye kanuni ya zamani na kuandika 36. Akiimudu, mpe 302 – 157. Hapo atauliza "Inatosha?", atajibu haitoshi, ataenda kuazima kwenye makumi na kukuta hakuna kitu. Kwa hesabu hiyo unarudi tena kwenye vijiti, na fungu kubwa la mafungu 10, na biki inabaki mkononi mwake.